Bibi "mtulivu" wa kitanda cha sita

Kosa langu liko kwenye faili, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Mgonjwa mtulivu, amelala vizuri, hana malalamiko." Ilikuwa siku ya pili baada ya upasuaji wa nyonga. Bibi wa miaka 78, aliteleza bafuni, akaletwa kwetu wodi ya mifupa. Wodi ilijaa, na mgonjwa asiyeita sista kila dakika tano huwa tunamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Siku ya tatu alikataa uji. Macho nusu yamefumba, ukimuuliza anajibu neno moja kisha anazama tena. Mkwe wake akasema amekata tamaa tangu avunjike. Mwenzangu akasema ni uzee, hao husahau. Daktari wa zamu akafikiria sonona na akataka kumwanzishia amitriptilini usiku.

Aliyetuokoa ni binti yake, alipolalamika tu: "Sista, asubuhi kaniuliza kama kuku wamelishwa, mchana huu ananiita jina la marehemu dada yake."

Hapo nilisimama. Sonona haigeuki hivyo kati ya asubuhi na mchana, na ugonjwa wa kusahau, yaani dimenshia, hauji kwa siku tatu. Nikamuuliza binti swali ambalo sasa namuuliza kila ndugu: juma lililopita mama alikuwaje? Akasema alikuwa anauza maandazi, anahesabu chenji mwenyewe.

Basi hii ilikuwa diliriamu, yaani akili kuvurugika ghafla, mara inatulia mara inapotea tena. Wengi tunamjua mwenye diliriamu anayeweweseka, anayechomoa dripu na kutaka kurudi nyumbani saa nane za usiku. Huyo hakosi kuonekana. Anayepotea ni yule wa kimyakimya, kwa sababu anafanana sana na mtu mwenye huzuni.

Kinachowatenganisha zaidi ni uwezo wa kushika jambo moja akilini. Kipimo kifupi cha diliriamu kiitwacho 4AT kinamtaka mgonjwa ataje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba. Bibi zetu wengi wa pwani wanahesabu Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, Desemba haiwahusu, kwa hiyo mimi hutumia siku za juma. Si kipimo rasmi, ila kinanionyesha ninachotafuta. Nikaanza naye: Ijumaa, Alhamisi... Akasema, "Alhamisi... Alhamisi... maji," akasinzia katikati ya neno.

Nilishawahi kumuuliza hivyohivyo mzee mmoja aliyekuwa na sonona kweli. Kwanza alisema "sijui, niache." Nilipombembeleza, alizitaja zote saba, polepole, bila kukosea. Kwake yeye shida ilikuwa ya wiki nyingi: anaamka kabla ya adhana ya alfajiri na hawezi kulala tena, chakula hakina ladha, anasema heri angekufa. Akili ilikuwepo, hamu ndiyo haikuwepo. Na mwenye dimenshia ya mwanzoni mara nyingi yuko macho, anakufuata unapoongea naye, ila ulichomwambia dakika kumi zilizopita kimeshatoka.

Diliriamu ina chanzo mwilini, na chanzo hakingoji. Tulipima oksijeni, sukari, joto na malaria, vyote vilikuwa sawa. Nikamgusa chini ya kitovu: pamevimba, pagumu kama nazi. Tulipoweka mpira wa mkojo zilitoka mililita 900. Tena alikuwa hajapata choo tangu alazwe. Kwenye karatasi ya dawa nikakuta Piritoni, aliyoandikiwa kwa kujikuna, pamoja na tramadoli ya maumivu. Piritoni humvuruga mzee kichwa na pia huzuia mkojo. Amitriptilini inafanya yote mawili, na inafunga choo zaidi. Tungempa usiku ule tungekuwa tunamwagia moto petroli, halafu kesho tungesema sonona imezidi.

Daktari, kwa kweli, hakubisha. Piritoni ikasimamishwa, tramadoli ikapunguzwa na panadoli ikawa kwa saa maalumu, maana maumivu yenyewe nayo huchanganya. Akapewa dawa ya choo. Binti akaleta miwani iliyosahaulika nyumbani na akaruhusiwa kukaa naye hata nje ya muda wa kuona wagonjwa.

Siku ya tatu baada ya hapo bibi aliuliza nani amemvua kanga yake.

Ndugu walitaka tuandike kwamba hana dimenshia. Hatukuandika, na wala hatukuandika kwamba anayo. Kichwa kilichotoka kwenye diliriamu hakipimwi kumbukumbu wiki hiyohiyo, kwani ukungu unaweza kubaki wiki kadhaa, hata miezi. Na wenye dimenshia ndio wanaopata diliriamu kwa urahisi zaidi, kwa hiyo moja haifuti nyingine. Binti aliponyamaza kidogo, akakumbuka kuwa tangu mwaka jana mama alikuwa akitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Tukampangia bibi kliniki baada ya miezi mitatu, na nikamwambia aje na mtu anayeishi naye, si mkwe wa mjini.