Yule nguru na nguru tu

*Salaam aleikum, Mwalimu. Kijana wangu wa kidato cha pili ameniuliza kwa nini Kiswahili hakina neno kama "dhe" ya Kiingereza. Mtu akisema "nimenunua samaki", nitajuaje ni samaki tuliyemtaja au samaki yeyote? Mama wa Kisauni*

Waaleikum salaam, mama. Tazama ndani ya kitenzi kabla ya kuitafuta nomino.

Tuseme asubuhi mlimwona nguru mmoja mkubwa sokoni, bei ikawashinda. Jioni mumeo anarudi. Akisema "nimenunua nguru", amekueleza alichonunua, na huenda ni nguru mwingine kabisa. Akisema "nimemnunua nguru", utauliza mara moja: yule wa asubuhi? Ile "m" iliyoingia kabla ya "nunua" ni kiambishi cha yambwa, nayo yaashiria samaki ambaye nyote wawili mnamjua. Ndivyo ilivyo pia "nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu".

Lakini mwambie kijana asigeuze jambo hili kuwa kanuni ya kukariri. Kiambishi kisipokuwepo, haina maana kwamba kitu hakijulikani. Ukimwambia "funga mlango", hatakuuliza mlango gani, kwa kuwa chumba chenyewe kimekwisha jibu.

Na kwa binadamu kipimo hiki hakifai. Twasema "nimemwona mtu" hata kama mtu huyo hatumjui asilani, kwa sababu nomino za watu huvuta kiambishi hicho karibu kila mara. Hapo ndipo tunapohitaji maneno mengine. "Nimemwona mtu mmoja feri" humleta mgeni katika mazungumzo. Kesho yake utasema "yule mtu nimemwona tena", na msikilizaji ataelewa ni wa jana. Angalia "yule" ilivyotangulia. Ikija nyuma, "mtu yule", mara nyingi huwa unamwonyesha kwa kidole, amesimama kule.

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Kilatini nacho hakikuwa na neno la aina ya "dhe", kama vile Kirusi na Kichina hadi leo. Kilikuwa na "ille", maana yake "yule". Wasemaji walilitumia mno kumrejelea aliyekwisha tajwa, hata likapoteza nguvu ya kuonyesha kwa kidole na kufupika. Limezaa "le" ya Kifaransa, "el" ya Kihispania na "il" ya Kiitaliano. Kwa hiyo lugha haizaliwi na neno hilo. Hulichonga kutokana na vionyeshi vyake.

"Yule" yetu imeshika njia hiyohiyo, ila haijafika, na kuna namna ya kulijua hilo. Mfaransa hana budi kuweka "le" hata mbele ya jua, ingawa jua ni moja na kila mtu analijua. Sisi magharibi ikiingia twasema "jua limekuchwa". Ukisema "lile jua limekuchwa", watu watakuuliza kwani kuna jingine.