Usijifanye mzee wa kanisa kwenye barua ya kazi

Juzi dada mmoja mwalimu wa Magu kanitumia meseji. Ni Mwislamu, kaona tangazo la shule ya kanisa wanatafuta mwalimu wa Hisabati, anauliza aifiche dini yake au aandike kwamba anaupenda sana Ukristo. Nimesoma hiyo meseji mara mbili tatu, maana mimi hilo kosa nililifanya na mpaka leo linaniuma.

Mimi ni Mlutheri, nimebatizwa na kupata kipaimara usharika mmoja hapa Mwanza mjini, ila baada ya chuo nikawa naenda Krismasi na Pasaka tu. Nilipoomba kazi ya Bailojia na Kemia kwenye shule ya Kikatoliki nikaandika, nakumbuka neno kwa neno, "Mimi ni Mkristo mwaminifu ninayehudumu kanisani kila wiki na imani ndiyo dira ya maisha yangu." Nikaona nimeandika vizuri kweli. Wakaniita intavyuu, wakasema nije na barua ya mchungaji wangu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mchungaji hakunikatalia, alifungua daftari la washarika akatafuta namba ya bahasha yangu ya ahadi, hakuna kitu miaka minne. Akaandika alichokijua: huyu ni msharika wetu, alibatizwa na kupata kipaimara hapa, hana tatizo la nidhamu. Akagonga muhuri. Barua nzuri tu, lakini haina hata neno moja la huduma.

Sista mkuu wa shule alizilaza zile barua mbili mezani, yangu na ya mchungaji, akaweka kidole kwenye "kila wiki" akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, unahudumu wapi?" Nikasema kwaya. Kwaya gani? Nikanyamaza. Hakunigombeza, aliniambia tu kwamba hakuwa anatafuta Mkatoliki, alikuwa anatafuta mtu atakayeweza kumwamini na watoto wa bweni usiku. Yaani kazi ile ningeipata kwa ukweli.

Kwa hiyo jamani kitu cha kwanza soma tangazo linadai nini hasa. "Awe muumini hai mwenye barua ya paroko" ni sharti la imani, kama huna usiombe, na usitegemee barua itakubeba, maana anayeiandika anakujua ulivyo. "Awe tayari kuheshimu maadili ya Kanisa" ni kitu kingine kabisa, hapo wanauliza utaishije kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa dini, ila inaacha mlango pale kazi yenyewe inapodai sifa hiyo, kwa mfano mwalimu wa dini. Mwalimu wa Hisabati ni habari nyingine.

Barua yangu ya pili, ya shule ya ng'ambo kule Sengerema, niliandika aya moja tu ya maadili, nikaiweka baada ya elimu na uzoefu: "Tangazo lenu linataja malezi na ukweli. Kwenye shule niliyofundisha nilisimamia bweni la kidato cha pili kwa miaka miwili, na wanafunzi waliofeli majaribio nilikaa nao jioni. Mimi ni Mlutheri. Nitaheshimu taratibu za shule na kuhudhuria sala za asubuhi pamoja na wanafunzi." Basi. Neno walilolitumia wao, kitu nilichokifanya na kinaweza kuulizwa kwa mkuu wangu wa zamani, halafu ninachoweza kukiahidi. Sikusema nampenda Mungu kuliko wengine.

Wakaniuliza, ukipangiwa zamu ya sala? Nikajibu nitasimama na wanafunzi na somo la Biblia nitasoma, ila Rozari siijui vizuri, naomba kiongozi wa wanafunzi aongoze. Padri akaandika kitu kwenye karatasi yake. Wiki iliyofuata nilivuka na kivuko cha Kamanga, begi la nguo mkononi, naenda kuripoti.

Dada yangu wa Magu, tangazo lako linasema "kuheshimu", kwa hiyo omba. Dini yako itaje kwa sentensi moja bila kuomba radhi. Usiahidi kuongoza sala usiyoiamini, ahidi kuwepo na kutulia. Ukiitwa, swala ya Ijumaa na hijabu uliza palepale kabla ya kusaini mkataba, maana ukikaa kimya siku hiyo utagombana nao mwezi wa tatu wa kazi na wao watasema uliwaficha.

Aya yake kanitumia jana usiku, ilikuwa nzuri. Nimemkatia maneno manne tu, "kwa moyo wangu wote", nimemrudishia aipeleke kabla ya Ijumaa.