Fulana Inayotobolewa na Ngozi: Tazama Kwanza Nukta Iko Wapi

Juzi kijana mmoja anayejifunza kutengeneza wahusika wa katuni kwenye Blender alinitumia picha pamoja na ujumbe mfupi: "Kaka, shikamoo. Nimeweka Shrinkwrap kwenye fulana, nikaongeza Offset, nikaongeza tena, ngozi ndiyo kwanza inazidi kutokeza begani. Nifanyeje?"

Picha nikaitambua papo hapo, maana nimekesha sana na picha za namna hiyo. Madoa ya rangi ya ngozi yametapakaa begani na kwenye mkono, na mwenye kazi anaendelea kupandisha namba huku madoa yanapanuka. Nilimjibu jioni ileile, lakini najua hayuko peke yake. Nyote mnaosoma hapa mnataka siku moja kazi yenu iende hewani, na nguo ndiyo inayowaangusha wengi mlangoni. Wiki hii nimekabidhi mhusika wa kike mwenye fulana na sketi, na kazi haikurudishwa hata mara moja. Nalisema hilo kwa fahari, kwa sababu nimelitolea jasho.

Jambo la kushika ni hili. Ngozi inatokeza kwa sababu mbili zisizofanana kabisa, na dawa ya moja haitibu nyingine. Sababu ya kwanza ni kwamba nukta za nguo zenyewe zimezama ndani ya mwili. Ya pili ni kwamba nukta zote ziko nje salama, ila bapa lililo kati yake limenyooka na mwili umejipinda, kwa hiyo bapa linakata ndani ya nyama. Kabla ya kugusa namba yoyote, chagua fulana, washa Wireframe kwenye Overlays, kisha sogea karibu na doa. Doa likikaa kwenye makutano ya mistari, nukta imezama. Likikaa katikati ya bapa na pembe zake zote zinaonekana juu ya ngozi, hapo tatizo ni la bapa. Mnaruka hatua hii kwa sababu ya haraka, halafu mnaisema vibaya programu.

Nianze na nukta iliyozama, maana ndiyo iliyomsumbua kijana wangu. Shrinkwrap ikiwekwa bila kubadilishwa chochote huja na Wrap Method ya Nearest Surface Point na Snap Mode ya On Surface. Kila nukta ya fulana inatafuta sehemu ya ngozi iliyo karibu nayo na kuhamia hapo. Baada ya hapo Offset inairudisha nyuma kuelekea kule ilikotoka. Hayo maneno, kule ilikotoka, ndiyo yenye siri yote. Nukta iliyoanza nje inarudishwa nje, na nukta iliyoanza ndani inarudishwa ndani. Fulana ya yule kijana ilikuwa imebana begani tangu alipoichora, kwa hiyo nukta kadhaa zilianza zikiwa chini ya ngozi. Alipoweka Offset ya 0.005, yaani milimita 5, nukta hizo zilikaa milimita 5 chini ya ngozi. Alipopandisha hadi 0.01 zikazama milimita 10. Ukiona doa linakua kila unapoongeza Offset, usihangaike kutafuta kingine, ni hilo.

Tiba yake ni kubadilisha Snap Mode. Outside Surface inavuta kila nukta hadi kwenye ngozi na kuweka Offset upande wa nje, popote nukta ilipoanzia. Hii naitumia kwa nguo ya kubana, kama suruali ya mazoezi. Outside yenyewe haigusi nukta ambayo tayari iko nje vya kutosha, inasukuma tu zile zilizo ndani au zilizosogelea ngozi kuliko Offset uliyotoa. Kwa fulana ya kawaida mimi nachagua Outside bila kusita, kwa sababu inaacha mikunjo na ulegevu niliouchora mwenyewe. Fulana iliyopitishwa On Surface inachora kila kitu, mpaka kitovu, na nguo haivaliwi hivyo.

Hata hivyo Outside inahitaji kujua nje ni wapi, na inalijua hilo kwa kufuata upande ambao bapa za mwili zimeelekea. Hapa nina donda langu. Kuna watu waliwahi kunipa mwili wa mhusika nimvalishe, na mkono mmoja wa mwili huo ulikuwa umepinduliwa, ndani nje. Nikavalisha, upande wa kulia ukakaa vizuri, wa kushoto fulana ikamezwa na mkono. Faili lilikuwa la kwao, lakini walikata malipo wakasema sina kiwango. Mpaka leo linaniuma. Tangu hapo sivalishi mwili wa mtu bila kuwasha Face Orientation kwenye Overlays. Kwa nje ya mwili hapatakiwi kuonekana wekundu wowote. Ukiona sehemu nyekundu, ingia Edit Mode ya mwili, chagua zote, bonyeza Shift+N. Na kabla ya hapo, kwenye Object Mode, tumia Ctrl+A uchague Scale kwa mwili na kwa nguo, ili 0.005 unayoandika iwe milimita 5 kweli.

Sasa bapa. Hili ndilo linalowatesa hata waliobobea, kwa sababu mipangilio yote iko sawa na bado ngozi inachungulia. Nichukue mkono wa fulana. Tuseme mkono wa juu wa mhusika ni wa duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 5, na Offset ni 0.003. Nukta za mkono wa fulana zitakaa sentimita 5.3 kutoka katikati. Kama mkono huo una pande 8, katikati ya kila upande iko sentimita 5.3 mara 0.924, ambayo ni 4.9. Ngozi iko 5. Kwa hiyo kila upande umezama milimita 1, na utaona mistari minane ya ngozi ikizunguka mkono, mmoja kila katikati ya upande, kwa mpangilio usiokosea. Nukta hazina kosa lolote. Ongeza pande ziwe 12 na kizidishio kinakuwa 0.966, katikati ya upande inafika 5.12, na ngozi imefunikwa kwa zaidi ya milimita 1. Ukitaka kubaki na pande 8, Offset isipungue milimita 4 na kidogo, na hapo nguo itaanza kuonekana nene kwenye mkono mwembamba. Mimi naongeza pande. Ctrl+R kwenye Edit Mode, mistari michache, kwisha.

Utaniuliza, si ningeweka tu Subdivision Surface inilainishie? Ndiyo, lakini tazama inakaa wapi. Ikikaa chini ya Shrinkwrap kwenye orodha ya modifaya, inalainisha baada ya nukta kuwekwa, na kulainisha kwake kunavuta umbo kuelekea ndani. Mkono uleule wa pande 8 uliokuwa 5.3 unashuka hadi karibu 4.8, yaani unapoteza kama milimita 5, ile Offset yote imeliwa na zaidi. Wa pande 12 unashuka hadi 5.06 na bado uko nje kwa nywele. Wa pande 16 unabaki 5.17. Ndiyo maana nasema pande kwanza, ulaini baadaye. Ukiiweka Subdivision juu ya Shrinkwrap, nukta mpya nazo zinasukumwa nje na ngozi haitokezi, ila ukitaka baadaye kubana Shrinkwrap pekee kwa Apply, Blender itakuonya kwamba modifaya hiyo haikuwa ya kwanza, na matokeo hayatalingana na uliyokuwa ukiyaona.

Kwapa lina mambo yake. Nukta iliyo kwapani inatafuta ngozi ya karibu, na karibu hapo kuna ubavu na kuna mkono. Nukta moja inaenda ubavuni, jirani yake inaenda mkononi, na kitambaa kinachanika au kinajikunja kama karatasi iliyofinyangwa. Target Normal Project inatuliza hali hii kwa sehemu, kwa kuwa inafuata mwelekeo laini wa ngozi, ingawa ni nzito zaidi kwa kompyuta. Ninachokitegemea ni Vertex Group. Natengeneza kundi lenye nukta zote za fulana kwa uzito wa 1, kisha kwenye Weight Paint nashusha kwapa hadi 0, na kuzunguka kwapa naacha uzito upungue polepole. Kundi hilo nalichagua ndani ya Shrinkwrap. Kwapa nalipanga kwa mkono, nukta kwa nukta, mhusika akiwa amenyoosha mikono pembeni. Ni kazi ya dakika chache, na watu wanaikwepa kwa siku nzima wakitafuta kitufe cha kuwafanyia. Jamani, fanyeni kazi!

Fulana ikishakaa, bana Shrinkwrap kwa Apply mhusika akiwa bado kwenye mkao wa mwanzo. Ukiiacha hai juu ya Armature, siku mhusika anainua mkono fulana itauvamia mwili uliokwisha kusogea, halafu mifupa inaisogeza tena, inasogezwa mara mbili. Baada ya kubana, hamisha uzito wa mifupa kutoka kwenye mwili kwa Data Transfer: Vertex Data, Vertex Groups, na Mapping ya Nearest Face Interpolated, ukibonyeza Generate Data Layers kabla. Nguo inayopinda kwa uzito uleule wa ngozi haiiachi ngozi nyuma.

Unene nauweka mwisho, na Solidify ina mtego wake. Inakuja na Thickness ya 0.01 na Offset ya -1, maana yake inaongeza sentimita 1 kuelekea ndani. Nafasi yako ilikuwa milimita 3. Kwa mbele huoni kitu, lakini tazama kwenye ukingo wa mkono wa fulana: ngozi inapita katikati ya kitambaa. Weka Offset iwe 1 ili unene uende nje, na Thickness ishuke hadi 0.002 kwa fulana nyepesi.

Bado kiwiko kikikunjwa sana au bega likipanda juu, ngozi inaweza kuchungulia mahali pamoja. Hapo sichezi tena na fulana, nauficha mwili. Kwenye mwili natengeneza Vertex Group ya ngozi iliyofunikwa na fulana, naacha pete mbili za nukta zionekane ndani ya kila ukingo, shingoni, mikononi na kiunoni, ili mtu akichungulia kwa ndani asione utupu. Kisha naweka Mask, nachagua kundi hilo, nabonyeza kishale cha kugeuza pembeni yake, na ngozi ile haichorwi tena. Mask iwekwe baada ya Shrinkwrap kubanwa na uzito kuhamishwa, kwa sababu Shrinkwrap inafuata mwili kama ulivyo baada ya modifaya zake, na mwili uliofichwa kifua hauna kifua cha kuvalishwa.