Bajaji ya leo au msitu wa miaka saba? Maswali yenu kuhusu thamani ya sasa ya fedha

Shikamoo mwalimu. Nina milioni 12. Nikinunua bajaji na kumpa kijana aniletee hesabu, nikitoa matengenezo na bima nabaki na milioni 5 mwaka wa kwanza, 5 wa pili, 4 wa tatu na 4 wa nne pamoja na bei ya kuiuza. Au ninunue paina changa zilizosimama hapa Mufindi, nilipe laki 4 kila mwaka kwa miaka sita kwa mlinzi na kufyeka njia za moto, mwaka wa saba niuze kwa milioni 38. Bajaji inanipa faida milioni 6, miti milioni 23.6. Kuna haja ya kufikiri zaidi? (Mafinga)

Marahaba. Haja ipo, kwa sababu umejumlisha shilingi za miaka tofauti kana kwamba zote ziko mfukoni leo. Shilingi utakayoipata mwaka wa saba imekosa miaka saba ya kufanya kazi. Lazima kwanza uirudishe leo, ndipo uilinganishe na nyingine.

Tuseme una mahali pa kuaminika pa kuweka fedha yako kwa asilimia 15 kwa mwaka. Milioni 1 ya leo itakuwa milioni 1.15 mwakani. Kwa hiyo milioni 1.15 ya mwakani ina thamani ya milioni 1 leo. Kurudisha fedha nyuma mwaka mmoja ni kuigawa kwa 1.15, ikiwa ni ya mwaka wa saba, unaigawa mara saba.

Milioni 5 za kwanza za bajaji zinakuwa milioni 4.35. Za mwaka wa pili, ingawa nazo ni 5, zinakuwa 3.78. Milioni 4 za mwaka wa tatu ni 2.63, na za mwaka wa nne 2.29. Jumla ni milioni 13.05. Toa milioni 12 ulizolipa leo, inabaki milioni 1.05. Hiyo ndiyo thamani halisi ya sasa ya bajaji.

Sasa miti. Milioni 38 zikigawanywa kwa 1.15 mara saba zinabaki milioni 14.29. Zile laki 4 za kila mwaka nazo zinarudishwa leo, maana gharama ya baadaye ni nyepesi kuliko ya leo, na zote sita zinafika milioni 1.51. Toa hizo, toa na milioni 12 za kununulia, unabaki na karibu laki 8.

Kwa hiyo, kwa kiwango hicho, bajaji inashinda kidogo, pamoja na faida ya milioni 23.6 iliyokuwa ikikuvutia. Angalia pia kwamba zote mbili zina jibu chanya. Maana yake kila moja inakulipa zaidi ya ile asilimia 15. Hilo laki 8 la miti ni kiasi unachopata juu ya kile ambacho milioni 12 zako zingezaa zikikaa mahali pengine. Jibu lingekuwa hasi, lisingemaanisha umepata hasara ya shilingi. Lingemaanisha ulikuwa na mahali pazuri zaidi pa kuweka mtaji.

Lakini usikimbilie kununua bajaji kabla hujasoma jibu linalofuata. Ukirudia hesabu hiihii kwa asilimia 10, bajaji inapata milioni 2.4 na miti milioni 5.8. Ushindi unahama mahali fulani katikati ya asilimia 14 na 15. Uamuzi wako wote umesimama juu ya namba moja: ile asilimia unayorudishia fedha leo, yaani kiwango cha punguzo.

Hicho kiwango cha punguzo kinatoka wapi? Kila ninayemuuliza ananiambia chake. Mmoja 8, mwingine 20. (Dodoma)

Kila mmoja anaweza kuwa sahihi kwa mfuko wake. Kiwango ni mapato ambayo wewe utayakosa ukiifunga fedha hii kwenye mradi huu. Jiulize kwa ukweli: nisipofanya hili, fedha itakwenda wapi, na huko itazaa nini?

Kwa Tanzania mahali pa kuanzia ni hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu, kwa sababu mtu wa kawaida anaweza kuingia akiwa na milioni 1, na riba inalipwa kila baada ya miezi sita. Mwaka 2022 kuponi, yaani riba ya mwaka, ya hatifungani ya miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Mchukue ndugu yetu wa Mafinga. Kwa 15.95 bajaji yake inabaki na kama laki 8 na miti inakaribia sifuri. Kwa 12.56 miti inapata karibu milioni 3 na bajaji milioni 1.7. Mtu yuleyule, msitu uleule, bajaji ileile. Kilichobadilika ni mahali pengine ambapo fedha yake ingeweza kukaa.

Nimetumia ya miaka 25 kwa sababu wengi wanaijua, lakini kwa mradi wa miaka saba tazama hatifungani ya muda unaokaribia huo, na tazama mapato halisi ya mnada, maana hatifungani huuzwa chini au juu ya bei yake ya uso, yaani kiasi kilichoandikwa juu yake, na kuponi peke yake haisemi yote.

Ukikopa, riba ya mkopo ndiyo sakafu. Mtu aliyekopa kwa asilimia 18 hana ruhusa ya kupiga hesabu kwa 12: kwa 18 bajaji inabaki na kama laki 3, na miti inaingia kwenye hasi ya milioni 1 na nusu. Ninaona watu wakikopa kununua miti wakiangalia bei ya mwisho tu, na hilo linanisikitisha, kwa sababu riba inadaiwa kila mwezi na mti haulipi kila mwezi.

Unalinganisha kitu cha miaka minne na kitu cha miaka saba. Bajaji ikifa, ile miaka mitatu iliyobaki inakuwaje? (Morogoro)

Hapa ndipo hesabu hii inapobeba dhana ambayo wengi hawaioni. Ukitumia asilimia 15, umeshakubali kimyakimya kwamba kila shilingi inayorudi mapema itawekwa tena mahali inapozaa asilimia 15.

Tuifuate fedha yenyewe. Chukua kila malipo ya bajaji, yaweke kwa asilimia 15 mpaka mwisho wa mwaka wa saba: utakuwa na milioni 34.7. Upande wa miti una milioni 38, lakini zile laki 4 za kila mwaka nazo zingezaa kama zingewekwa badala ya kulipwa, na ukizitoa pamoja na mazao yake unabaki na milioni 34 hivi. Bajaji iko mbele kidogo, kama tulivyoona, na miaka yote saba imehesabiwa.

Sasa tuseme hesabu ya bajaji inaingia kwenye simu na kukaa humo bila kuzaa chochote, au inaliwa polepole na matumizi ya nyumbani. Mwaka wa saba una milioni 18, au huna kitu. Kwa mtu wa namna hiyo ushindi wa bajaji ni wa kwenye karatasi. Kabla ya kuchagua mradi unaolipa mapema, andika fedha ya mapema itakwenda wapi. Kama huna jibu, shusha kiwango chako hadi kile ambacho kweli utakipata, kisha piga hesabu upya.

Kama mpango wako ni kununua bajaji nyingine ya namna hiyo kila ya kwanza inapochoka, basi gawanya ushindi kwa miaka. Kwa asilimia 15, ile milioni 1.05 ni sawa na kupokea takriban shilingi 366,000 kila mwaka kwa miaka minne, wakati miti ni kama 185,000 kwa miaka saba. Pengo linapanuka.

Tuseme mfumuko wa bei ni asilimia 4 tu. Kwa nini nisipunguze kwa 4? (Mbeya)

Kwa sababu asilimia 4 inakuambia tu bei zinapanda kiasi gani. Haisemi mtaji wako ungezaa nini. Ile 15 au 12.56 imeshaubeba mfumuko ndani yake.

Hatari iko kwenye bei unayoiandika. Wauza miti wengi hukutajia bei ya mbao ya leo: "msitu kama huu, ukikomaa, unauzwa milioni 38." Hizo ni shilingi za leo. Ukizipunguza kwa asilimia 15 yenye mfumuko ndani yake, umeuadhibu msitu mara mbili. Ama uipandishe bei kwa mfumuko kwanza, na milioni 38 zikipanda kwa asilimia 4 kwa miaka saba zinafika 50. Au uondoe mfumuko kwenye kiwango, yaani 1.15 gawanya kwa 1.04, upate kama asilimia 10.6. Ukichukua njia hii ya pili kwa pande zote mbili, miti inapata milioni 5.1 na bajaji 2.2. Muulize anayekuuzia: hii ni bei ya mwaka gani? Swali hilo moja limegeuza mshindi.

Familia yangu inalinda shamba wenyewe, hakuna gharama. Nimeweka -12 mwaka wa sasa, nikaacha miaka sita wazi, mwaka wa saba 38. Excel inasema nimepata milioni 21 kwa asilimia 15. Ni kweli? (Njombe)

Si kweli. Fomula ya NPV, yaani ya thamani halisi ya sasa, kwenye Excel huruka visanduku vilivyo wazi, kwa hiyo milioni 38 zako zimehesabiwa kana kwamba zinaingia mwakani: 38 gawanya kwa 1.15 ni 33, toa 12, unapata 21. Andika 0 kila mwaka usio na fedha. Pia usiiweke fedha ya leo ndani ya mabano pamoja na nyingine, maana Excel huichukulia namba ya kwanza kuwa ya mwisho wa mwaka wa kwanza. Kama ya leo iko B2 na miaka saba iko B3 hadi B9:

```
=NPV(0.15,B3:B9)+B2
```

Utapata kama milioni 2.29.

Na moto je? Nimeambiwa niongeze asilimia kwenye kiwango. (Iringa)

Unaweza, ila ujue umefanya nini. Ukiamini kila mwaka kuna nafasi 3 katika 100 za msitu kuungua wote, nafasi ya kufika mwaka wa saba ukiwa umesimama ni kama 81 katika 100. Milioni 38 zinakuwa 30.7 kwa wastani, na kwa asilimia 15 msitu huo haulipi tena. Kupunguza bei namna hii kunafanana na kupandisha kiwango kutoka 15 hadi 18 na nusu hivi. Chagua njia moja. Mimi napendelea kuiweka hatari kwenye fedha yenyewe, kwa sababu hapo unaweza kuuliza kama kumlipa mlinzi wa pili laki 3 kwa mwaka kunapunguza nafasi ya moto kiasi cha kutosha, na kulipima jibu kwa shilingi.