Kitabu kilichonifundisha kuangalia dari

Nilipotaka kuanza kutazama filamu kwa makini, nilitafuta kitabu kinene cha historia ya sinema nikaanza ukurasa wa kwanza. Baada ya miezi miwili ningeweza kukuambia kwamba ndugu wawili wa Lumière waliwaonyesha watu filamu zao kwa kiingilio jijini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Lakini ungeniuliza kama katika filamu niliyotazama jana yake kamera ilikaa juu ya macho ya mwigizaji au chini, ningebaki kukodoa tu.

Kilichonifungua macho ni kitabu chembamba, Making Movies cha Sidney Lumet, kilichotoka 1995. Lumet alikuwa mwongozaji, na humo anaeleza kazi yake hatua kwa hatua: hati ya filamu, waigizaji, kamera, uhariri. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: anza na mtu aliyeshika kazi kwa mikono yake na anayeeleza kwa nini aliamua hivi na si vile. Historia itafuata.

Nikupe mfano ulionishika. Filamu yake ya kwanza ya sinema, 12 Angry Men ya 1957, karibu yote iko ndani ya chumba kimoja ambamo wazee wa baraza kumi na wawili wanabishana kuhusu kijana anayeshtakiwa kwa mauaji. Mara ya kwanza niliitazama nikaona ni maneno matupu, ila kuelekea mwisho nilihisi kubanwa na sikujua kwa nini. Kitabu kikaniambia. Theluthi ya kwanza ya filamu kamera iko juu kidogo ya usawa wa macho. Theluthi ya pili iko sawa na macho. Ya mwisho iko chini, ikiinua macho kuwatazama watu, hadi dari linaanza kuonekana. Na kadiri mabishano yanavyokolea, Lumet anabadilisha lenzi, anatoka kwenye fupi kwenda ndefu. Lenzi ndefu hufanya ukuta wa nyuma uonekane umesogea mgongoni mwa mtu. Chumba ni kilekile, lakini machoni pako kinazidi kuwa kidogo.

Nikairudia filamu, safari hii sauti nimeizima. Usidharau jambo hili, maana maneno huiba macho. Nilisimamisha picha kila baada ya dakika kumi na kujiuliza maswali mawili tu: uso wa meza naonekana kuutazama kutoka juu, au umelala kama mstari? Je, dari lipo? Si kila picha inatii, kwa sababu kuna picha za karibu zinazochanganya, na usipoangalia utafikiri kitabu kimekudanganya. Ukipanga majibu yako kuanzia mwanzo hadi mwisho ndipo mwelekeo unajitokeza. Halafu wazee wale wakitoka nje ya jengo, Lumet anaweka lenzi pana kamera ikiwa juu. Nilijikuta nimevuta pumzi, wakati huu nikijua nani kanivutisha.

Kuna mtego mmoja. Ukisoma kwanza, utaona ulichoambiwa tu. Ndiyo maana natazama kwanza, naandika mistari mitatu minne ya nilichohisi na mahali nilipokihisi, kisha ndipo nafungua kitabu. Na ukumbuke mwongozaji anasimulia nia yake mwenyewe. Nia si lazima ifike kwenye skrini. Hili linaonekana zaidi kwenye kitabu cha mahojiano ambayo mwongozaji François Truffaut alimfanyia mwongozaji mwenzake Alfred Hitchcock mwaka 1962. Ni kitamu mno, lakini Hitchcock alikuwa msimulizi hodari, na baadhi ya maelezo yake mimi nayapokea kama hadithi nzuri.

Ukishazoea kuiona kamera, nenda kwenye uhariri na In the Blink of an Eye cha mhariri wa filamu Walter Murch. Ni kifupi, utakimaliza haraka. Anasema mkato mzuri hupimwa kwanza kwa hisia, na hisia anaipa asilimia 51, zaidi ya vigezo vingine vyote vikijumlishwa. Namba hizo ni za utani nusu, lakini zitakusaidia kuelewa kwa nini mhariri huacha glasi ibadilike mkono kati ya picha mbili bila kujali.

Film Art cha David Bordwell na Kristin Thompson ni cha darasani, kizito. Mimi sikisomi mfululizo. Nikikutana na kitu nisichokijua jina, nafungua faharasa nyuma, nasoma kurasa tano, nafunga. Kimetolewa mara nyingi tangu 1979, na toleo la zamani linatosha kabisa kwa kazi hii: namna ya kusoma fremu, mwanga na sauti imeelezwa vilevile. Kile kitabu changu kinene cha historia nacho nakitumia hivyohivyo siku hizi, kuanzia faharasa.