Jibu: Kwenye grafu, kivuli cha kikwazo kinakaa upande gani wa mstari?

"Slaidi inasema viti visipungue mara mbili ya meza. Nimejaribu (0,0) nikapata 0 ≥ 0. Nitie kivuli wapi?"

Hapo (0,0) haikusaidii, mstari wenyewe unapita papo hapo. Meza zikiwa x na viti y, kikwazo ni y ≥ 2x. Wengi hukigeuza wakaandika 2y ≥ x, ambacho kinaruhusu meza 2 kwa kiti 1!

Sasa jaribu nukta iliyo nje ya mstari, mfano (0,5): 5 ≥ 0 ni kweli, basi kivuli kiko upande wa mhimili wa y. Ukiongeza kikwazo cha saa za kazi, tuseme 4x + 2y ≤ 40, inabaki pembetatu yenye kona (0,0), (0,20) na (5,10). Ukiona kona (10,0), umekosea upande: hizo ni meza 10 bila kiti hata kimoja.