Hiyo ±5 °F usiipitishe kwenye fomula ya 32

> "Wakuu, nimepata kazi ya kutafsiri datashiti ya oveni ya kiwandani kwenda Kikorea. Mteja anataka Farenhaiti na inchi zote ziwe metriki. Nimeshaweka fomula ya kutoa 32 kwenye Ekseli, nataka kubadilisha safu nzima kwa mkupuo. Toleransi nazo, mfano 350 °F ±5 °F, nizipitishe humo humo?"

Mkuu, simama hapo hapo, usibonyeze kitu. Fomula unayotaka kuitumia naifahamu, nayo ndiyo iliyonikosesha mteja na malipo ya kazi nzima.

Andika hii kwenye seli tupu uone:

```
=CONVERT(5,"F","C")
```

Utapata -15. Ekseli haijakosea, imejibu ulichouliza: nyuzi 5 za Farenhaiti kwenye kipimajoto ni nyuzi 15 chini ya sifuri za Selsiasi. Lakini ile 5 iliyo kwenye "350 °F ±5 °F" si joto la kusoma kwenye kipimajoto. Ni umbali kati ya joto moja na jingine, na umbali hauna habari na 32. Ile 32 ipo kwa sababu mizani hizi mbili zinaanza kuhesabu mahali tofauti. Ukitoa 350 kwenye 355, inajifuta yenyewe. Kinachobaki ni kuzidisha kwa 5/9, na ±5 °F inakuwa ±2.8 °C.

Sasa sikiliza ile -15 inavyoharibu kazi bila mtu kushtuka. Kazi yangu ilikuwa oveni ya kukaushia gundi ya epoksi, mnunuzi akiwa kiwanda kimoja huko Changwon. Ofisi ya tafsiri iliyonipa kazi ilikuwa na mwongozo wake wa kurasa nyingi, na kuhusu joto ulikuwa na mstari mmoja tu: kila namba yenye °F ipite kwenye (F − 32) × 5/9. Kila namba! Nilimuuliza mratibu kuhusu toleransi, akanijibu kwamba mwongozo umepitishwa na wahandisi, nisibuni mambo. Basi faili likatoka limeandikwa "176.7 ℃ ±-15 ℃". Mhakiki wa Kikorea akaona alama mbili zimegongana, akadhani ni kosa la kuchapa, akafuta ile ya kutoa. Ikabaki ±15 ℃, safi kabisa, haina dalili ya ugonjwa wowote. Ingebaki -15, hata mlinzi wa getini angeshangaa oveni gani hii yenye tabia za friji. Lakini ±15 inapita macho ya kila mtu.

Fundi wa kule akaweka kengele za oveni kwa namba hiyo. Maana yake oveni ilikuwa huru kushuka hadi 161.7 na kupanda hadi 191.7, wakati waliotengeneza mashine walisema isitoke kati ya 173.9 na 179.4. Gundi ya upande mmoja ikatoka mbichi, ya upande mwingine ikaungua rangi. Waliipekua mashine nzima kabla ya mtu kufungua datashiti ya Kiingereza. Na ofisi yenye mwongozo? Ikasema mtafsiri ndiye anayewajibika kwa namba. Bado linaniudhi, kwa sababu swali nililiuliza kwa maandishi na jibu lao ninalo.

Kwa hiyo shika hili moja: badilisha mipaka, usibadilishe toleransi. Usianze na 350 wala na 5. Anza kwa kuuliza, kwa Farenhaiti hizo hizo, chini kabisa ni ngapi na juu kabisa ni ngapi. Ni 345 na 355. Hayo ni majoto halisi, kwa hiyo fomula ya 32 inayafaa: 173.89 na 179.44. Hiyo ndiyo ardhi yako. Chochote utakachoandika kwa Kikorea kikae ndani yake.

Jaribu kuandika "177 ±3", kama wengi wanavyofanya kwa kuwa inapendeza. Juu inafika 180, umeshatoka nje. Hata "176.7 ±2.8", ambayo ni hesabu sahihi, inafika 179.5 na kuvuka mpaka kwa kidogo sana. "176.7 ±2.7" inakaa ndani. "177 ±2" nayo inakaa, ila umemnyima fundi nafasi aliyopewa, kwa hiyo usiichague bila kumuuliza mhandisi wa mteja.

Inchi ni vile vile. Mhimili wa 0.500 ±0.005 in una mipaka ya 0.495 na 0.505. Inchi moja ni 25.4 mm kamili, kwa hiyo ni 12.573 na 12.827. Ukikadiria kwa mazoea utaandika "12.70 ±0.13", na pande zote mbili zimetoka nje. Mpaka wa chini kadiria kwenda juu, wa juu kadiria kwenda chini:

```
=ROUNDUP(0.495*25.4,2)
=ROUNDDOWN(0.505*25.4,2)
```

Unapata 12.58 na 12.82, yaani 12.70 ±0.12. Angalizo: kwa namba hasi, mfano joto la friza, ROUNDUP inakwenda mbali na sifuri, kwa hiyo mwelekeo unageuka. Hapo tumia macho yako.

Kukaza kuelekea ndani ni kwa masharti, yaani kile ambacho mtumiaji lazima akitimize. Kama namba ni ahadi ya mtengenezaji, mfano usahihi wa kihisi joto ni ±5 °F, ukiandika ±2.7 umemwahidia mnunuzi mashine bora kuliko iliyopo. Ahadi iandike ±2.8. Kwa hiyo kabla ya kukadiria, jua mstari huo unambana nani.

Toleransi zenye ± angalau zinaonekana. Pitia pia mistari ambayo umbali umejificha: joto kupanda juu ya la chumba, tofauti kati ya kuwaka na kuzima kwa kidhibiti, na chochote kilichoandikwa "kwa kila °F". Hiki cha mwisho kinazidishwa kwa 1.8, hakigawanywi, kwa sababu digrii moja ya Selsiasi ni kubwa zaidi: chuma kinachotanuka 6.5 × 10⁻⁶ kwa kila °F kinatanuka 11.7 × 10⁻⁶ kwa kila °C.

Na ukikuta datashiti inataja AMS2750, ambayo ni kawaida kwa oveni na tanuri za vipuri vya ndege, weka kikokotoo pembeni. Kiwango hicho kina jozi zake: daraja la 1 ni ±5 °F au ±3 °C, daraja la 2 ni ±10 °F au ±6 °C. Ukiandika ±5.6 kwa daraja la 2, mkaguzi wa Kikorea atakuuliza daraja hilo umelitoa wapi.

Mwisho, kwenye Kikorea mpaka ukiuandika `이하`, 179.4 yenyewe inaruhusiwa. Ukiandika `미만`, hairuhusiwi. Kama chanzo kimesema "max", ni `이하`.

Faili likikamilika, rudisha kila mpaka kwenye Farenhaiti na inchi kwa safu ya pili, uzilinganishe na chanzo. Na ukiona alama ya kutoa mbele ya toleransi, usiifute. Rudi kwenye fomula.